Admini wa chama anapoondoka, nani apigiwe simu?

Tuseme ni chama cha akina mama 20 kule Umoja. Kila Jumamosi kila mtu anatuma 500, na maswali yote huenda kwa admini aliyefungua grupu la WhatsApp miaka kadhaa iliyopita. Sasa anahamia Mombasa. Usiku mmoja anaandika "asanteni, nimetoka", halafu anatoka kweli.

Akiwa alikuwa admini pekee, WhatsApp inachagua mwanachama yeyote kuwa admini. Anaweza kuwa yule ambaye hata hasomi mesegi. Na hapo ndipo matapeli hupata nafasi: namba ngeni inaingia ikiwa na picha ya mweka hazina, inasema "laini yangu imeharibika, mchango utume hapa." Nani ataipinga kama hakuna anayejua wa kuuliza?

Kwa hivyo anayeondoka amteue mrithi akiwa bado ndani. Fungua maelezo ya grupu, bonyeza jina lake, chagua `Make group admin`. Usingoje WhatsApp iwatangazie wengine. Tangaza mwenyewe kwa namba yako ile ile wanayoijua, na kama mkutano uko karibu, sema pia mbele ya watu mrithi akiwa amesimama hapo. Tangazo la watu wa Umoja lingekuwa hivi:

"Wapenzi, kuanzia Jumatatu maswali ya grupu muulize Mama wa Duka, yule wa namba inayoishia 41. Pesa bado zinaenda kwa mweka hazina, namba ni ile ile. Mtu akiwaambia imebadilika, mpigieni mweka hazina kwanza."

Hiyo sentensi ya pesa ndiyo wengi husahau. Kuwa admini wa grupu hakukupi mamlaka juu ya hela. Akaunti ya chama au laini ya mweka hazina haihami kwa sababu admini amebadilika. Hiyo ina utaratibu wake na watia saini wake. Msipolisema, kuna atakayeanza kumtumia admini mpya mchango, na kuurudisha ni kazi.

Libandikeni tangazo juu ya grupu kwa siku 30, kisha liandikwe kwenye maelezo ya grupu, maana kilichobandikwa kinaisha muda. Wa zamani abaki wiki mbili hivi. Akiulizwa swali asilijibu, aelekeze tu kwa mpya, la sivyo watu wataendelea kumfuata yeye. Baadaye admini mpya anabonyeza jina lake na kuchagua `Dismiss as admin`. Lakini huyu wetu ndiye aliyefungua grupu, na aliyelifungua haondolewi uadmini na wenzake. Itabidi atoke mwenyewe, kwa hivyo wakubaliane siku.

Na kabla ya kutuma mchango wa kwanza baada ya mabadiliko, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama si la mweka hazina mnayemjua, simamisha na upige simu.