Sandwichi ya Nyumbani: Pima Mayonezi Kwanza

Chakula cha kiwandani huja na hesabu yake imechapwa ubavuni. Sandwichi uliyoitengeneza mwenyewe haina lebo, na anayefuatilia protini, wanga na mafuta anayokula kila siku, awe mwana mazoezi au mtu aliyeshauriwa na daktari kupunguza uzito, hana budi kuikadiria. Wengi huanza mahali pasipo na faida. Huhangaika na vipande vya nyanya na majani ya saladi, kisha mayonezi wanaiandika "kijiko kimoja" na siagi "kidogo tu". Hapo ndipo hesabu nzima inapoharibika.

Sababu ni rahisi. Gramu 1 ya protini hutoa kalori 4 hivi, gramu 1 ya wanga nayo 4, lakini gramu 1 ya mafuta hutoa 9. Viwango hivi vilitokana na kazi ya mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo ndivyo vinavyotumika kwenye lebo nyingi. Sasa itazame mayonezi ya kawaida: ni mafuta ya kupikia yaliyopigwa pamoja na kiini cha yai na siki au ndimu mpaka yakashikana. Katika kila gramu 100, mafuta ni kama gramu 75. Siagi ina gramu 80 hivi, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Nyanya gramu 100 haifikishi hata kalori 20. Ukikosea nyanya kwa nusu nzima, hakuna kilichoharibika. Ukikosea mayonezi kwa nusu, umeandika mlo mwingine kabisa.

Kijiko ndicho kinachodanganya zaidi. Kijiko cha chakula cha mayonezi, kikisawazishwa kwa kisu, kina gramu 14 hivi. Lakini nani husawazisha mayonezi? Inachotwa ikiwa mlima, na kijiko hicho hicho kimoja kinaweza kubeba mara mbili ya hapo. Dawa yake ni kuacha kupima kijiko na kupima chupa. Weka chupa nzima ya mayonezi juu ya mizani ya jikoni, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, chota unavyotaka, kisha irudishe chupa. Mizani itaonyesha namba yenye alama ya kutoa mbele yake, na hiyo ndiyo mayonezi iliyotoka. Hata iliyoganda kwenye kijiko imeshahesabiwa, kwa hiyo kikwangue vizuri ndani ya bakuli.

Tuchukue mchanganyiko wa mayai na tuna, unaotosha sandwichi 4. Mayai 3 ya kuchemsha, yakishamenywa, yana gramu 150. Tuna ya kopo iliyowekwa kwenye maji, ikishachujwa, gramu 120. Kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, gramu 30. Mayonezi iliyotoka kwenye chupa, gramu 60. Bakuli lina gramu 360 za mchanganyiko.

Mayai yanaleta protini gramu 19 na mafuta 16. Tuna inaleta protini 30, mafuta gramu 1 tu. Mayonezi peke yake inaleta mafuta gramu 45. Kitunguu na chembechembe za wanga kutoka kwenye vingine ni gramu 6 kwa jumla. Bakuli zima basi lina protini 50, mafuta 62 na wanga 6, yaani kalori 780 hivi. Angalia kwamba karibu robo tatu ya mafuta yote imetoka kwenye kitu kimoja chenye uzito mdogo.

Sandwichi moja ikichukua gramu 90 za mchanganyiko, hiyo ni robo kamili: protini 12.5, mafuta 15.5, wanga 1.5. Slesi mbili za mkate mweupe zenye gramu 60 zinaongeza wanga 29, protini 5 na mafuta 2. Siagi gramu 10 inaongeza mafuta 8. Nyanya na tango, gramu 50, zinaongeza wanga 2 hivi. Jumla: protini karibu 18, mafuta karibu 26, wanga karibu 33, na kalori zinafika 430.

Je, mtu aliyekisia angepata nini? Angeandika vijiko viwili vya mayonezi kwa bakuli, gramu 28, na siagi kijiko cha chai, gramu 5. Mafuta ya sandwichi yangeonekana kuwa 16, badala ya 26. Kalori 90 hivi zingekuwa zimeliwa bila kuandikwa, ingawa kila kitu kingine alikihesabu sawasawa.

Siagi ina ujanja wake. Ikitoka kwenye friji huwa ngumu, huparua mkate, na mtu hubandika mabonge. Ikiwa laini juu ya slesi ya moto, hunyonywa na mkate na mpakaji huongeza tena kwa kudhani haijatosha. Kwa hiyo weka slesi kwenye mizani, rudisha sifuri, paka, halafu irudishe usome. Mkate wenyewe upimwe kabla ya kuuchoma, maana moto huondoa maji. Uzito hupungua lakini wanga hubaki ule ule. Soma pia lebo ya hicho unachokiita siagi. Nyumba nyingi hutumia majarini, na majarini nyingine zimepunguzwa mafuta sana. Mayonezi nyepesi nayo inaweza kuwa na nusu ya mafuta ya ile ya kawaida au pungufu. Fuata safu ya gramu 100, si safu ya "kipimo kimoja", kwa sababu kipimo hicho amekichagua mtengenezaji. Kama lebo imeandikwa kwa kilojuli, gawanya kwa 4.2 upate kalori.

Tuna ya mafuta ni hesabu nyingine: gramu 120 zilizochujwa vizuri bado hubaki na mafuta gramu 10 hivi. Na uzito unaotumika ni wa nyama iliyochujwa, si ule mkubwa wa kopo zima.

Ukimaliza, pima sandwichi nzima. Katika mfano wetu inapaswa kuwa gramu 60, 10, 90 na 50, yaani 210. Mizani ikisoma 235, kuna gramu 25 ambazo hazijaandikwa, na mara nyingi ni mchanganyiko uliozidishwa. Tofauti ya gramu 5 iache ipite. Mizani za nyumbani, mayai yasiyolingana na lebo zilizokadiriwa haziwezi kukupa usahihi zaidi ya hapo, na anayeandika kalori 431.7 anajidanganya.

Asiye na mizani anaweza kufika karibu. Pakiti ya siagi ya gramu 250, ikatwe kwa kisu sehemu 5 zilizo sawa, na kila sehemu tena 5. Kila kipande ni gramu 10. Kwa mayonezi, tia alama ya kalamu kwenye chupa kila unapotengeneza sandwichi. Chupa ya gramu 400 ikiisha kwenye alama ya 16, kila sandwichi imekula wastani wa gramu 25, yaani mafuta gramu 19. Andika hiyo, hata kama ulikuwa unaamini ni kijiko kimoja.