Makato ya pensheni (2): Inakatwa elfu themanini, mkononi inapungua elfu sitini na mbili

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mifuko ya pensheni ilivyounganishwa Agosti 2018, watumishi wa umma wakawekwa PSSSF na waajiriwa wa sekta binafsi wakabaki NSSF. Baada ya makala ile nilipata swali kutoka kwa mama mmoja wa Olmotonyi, karani wa stoo katika kiwanda binafsi cha kupasua mbao, si mbali na barabara kuu iendayo Namanga. Aliniletea slipu yake ya mshahara, ameikunja mara nne.

“Shikamoo mwalimu. Mimi na jirani yangu wa chuo cha misitu mshahara wetu ni sawa kabisa, laki nane. Yeye anakatwa pensheni elfu arobaini, mimi elfu themanini. Nimekosa nini?”

Hajakosa kitu. Ila jibu lake linapitia mahali ambapo wengi hawapatazami, yaani pale mchango unapokutana na kodi. Tuanze na slipu yake mwenyewe.

Sheria ya NSSF inataka mchango wa asilimia 20 ya mshahara ghafi. Mwajiri akitaka anaweza kubeba zaidi ya nusu yake, lakini mfanyakazi hawezi kukatwa zaidi ya asilimia 10. Waajiri wengi hugawana nusu kwa nusu. Kwa mshahara wa Sh800,000, mama huyu anakatwa Sh80,000 na kiwanda kinaongeza Sh80,000 nyingine ambazo hazionekani kwenye fedha anazopokea. Kinachoingia kwenye mfuko kwa jina lake ni Sh160,000 kila mwezi.

Sasa kodi. Kodi ya mshahara, ile inayoandikwa PAYE kwenye slipu, haipigwi kwenye laki nane. Mchango wake wa pensheni unatolewa kwanza, kisha kinachobaki ndicho kinachotozwa. Kwa hiyo anatozwa kodi kwenye Sh720,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, Sh270,000 za mwanzo hazina kodi. Kutoka hapo hadi Sh520,000 kiwango ni asilimia 8, na hiyo inafanya Sh20,000. Kuanzia Sh520,000 hadi Sh760,000 ni asilimia 20, na yeye ana Sh200,000 ndani ya daraja hilo, sawa na kodi ya Sh40,000. Jumla ni Sh60,000. Toa mchango, toa kodi, anaondoka na Sh660,000.

Je, kama asingekatwa pensheni kabisa? Kodi ingepigwa kwenye laki nane nzima. Sh40,000 za juu zingevuka Sh760,000 na kuingia daraja la asilimia 25. Kodi yake ingekuwa Sh78,000, naye angeondoka na Sh722,000. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni Sh62,000. Elfu themanini imekatwa, lakini kilichopungua mkononi ni elfu sitini na mbili. Zile elfu kumi na nane nyingine zingekwenda Mamlaka ya Mapato. Ametoa Sh62,000 za matumizi yake, mfuko umepokea Sh160,000.

Nafuu hiyo haiko sawa kwa kila mtu. Anayebaki juu ya milioni moja hata baada ya kutoa mchango, mchango wake unatoka kwenye daraja la asilimia 30, kwa hiyo kila elfu kumi anayochangia inampunguzia mkononi elfu saba tu. Anayelipwa Sh270,000 au chini hana kodi ya kupunguziwa. Mchango wake wote unatoka kwenye unga na mafuta ya taa. Sijawahi kuona haki ya mpango huo, lakini ndivyo ulivyo.

Hapa ndipo kikomo kinapoingia. Sheria ya kodi ya mapato inaruhusu mchango kwenye mfuko ulioidhinishwa utolewe kabla ya kodi, lakini kwa kiasi kile tu ambacho sheria ya mfuko inamlazimisha mtu kuchangia. Ukichangia pungufu, unatoa ulichochangia. Ukichangia zaidi, ziada haihesabiwi. Tuseme mama huyu anawaambia wahasibu wamkate Sh50,000 za hiari juu ya zile za lazima, akitumaini kodi itashuka. Haitashuka hata shilingi. PAYE itabaki Sh60,000, naye ataondoka na Sh610,000. Akiba yake ni nzuri, lakini inamgharimu elfu hamsini kamili.

Ukiifuata barabara hiyohiyo inayopita Olmotonyi hadi ng’ambo ya Namanga, kikomo kinabadilika sura. Kenya imekiandika kwa shilingi: hadi mwisho wa mwaka 2024 mtu aliruhusiwa kutoa kabla ya kodi kisichozidi Sh20,000 za Kenya kwa mwezi, na kuanzia tarehe 27 Desemba 2024 kikapandishwa kuwa Sh30,000. Mkenya anayechangia mpango wa hiari wa mwajiri wake anapata nafuu ya kodi mpaka agonge dari hilo. Hata hivyo, dari la shilingi halipandi lenyewe mishahara inapopanda. Lazima bunge likae lilibadilishe. Letu la asilimia hupanda pamoja na mshahara, ila halimwachii nafasi mwenye kutaka kujiongezea.

Turudi kwa jirani wa chuo cha misitu. Yeye ni mtumishi wa umma, yuko PSSSF. Huko pia jumla ni asilimia 20, lakini mfanyakazi anatoa 5 na serikali inatoa 15, na hesabu inafanywa kwenye mshahara wa msingi, posho hazimo. Kwa laki nane za msingi anakatwa Sh40,000 na serikali inaweka Sh120,000. Jumla ni Sh160,000, ileile ya karani wetu. Kilichotofautiana ni nani anabeba.

Kwa kuwa mchango wake mwenyewe ni mdogo, kinachotozwa kodi kwake ni kikubwa: Sh760,000, pembeni kabisa mwa daraja. PAYE yake ni Sh68,000. Anabaki na Sh692,000. Kwa hiyo tofauti ya majirani hawa si elfu arobaini, ni elfu thelathini na mbili. Halafu mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya bima ya afya, Sh24,000, na hiyo haipunguzi kodi. Anashuka hadi Sh668,000. Nilipomwonyesha mama yule kwamba jirani anamzidi elfu nane tu, naye ana kadi ya bima, alicheka kidogo. “Basi ananidai chai,” akasema.

Na mchango wa mwajiri je, hautozwi kodi? Kisheria unahesabiwa kuwa sehemu ya kipato cha mfanyakazi, kisha unatolewa tena chini ya kikomo kilekile. Ndiyo maana hauonekani popote kwenye hesabu ya PAYE.

Suala lililonishughulisha zaidi lilikuwa kwenye slipu ya mwenzake wa mama huyu, mwajiriwa wa kiwanda kingine cha jirani. Naye analipwa laki nane, lakini imegawanywa: mshahara Sh500,000, posho ya nyumba na usafiri Sh300,000. NSSF anakatwa Sh50,000. Kodi inapigwa kwenye Sh750,000, ni Sh66,000, naye anaondoka na Sh684,000. Anajiona ana bahati, kwa sababu anamzidi mama yule Sh24,000 kila mwezi.

Angalia upande wa pili. Mfuko unapokea Sh100,000 kwa jina lake badala ya Sh160,000. Katika Sh60,000 zilizopotea, nusu ni za mwajiri, fedha ambazo zilikuwa ziongezwe juu ya mshahara wake. Mwajiri amejiokolea Sh30,000, mfanyakazi akapewa Sh24,000 za kumtuliza, na hata hizo ni zake mwenyewe. NSSF si PSSSF: msingi wake ni mshahara ghafi, kwa hiyo posho ya fedha inayolipwa kila mwezi haipaswi kuachwa nje.

Hasara yake huonekana siku ya kustaafu. Pensheni hukokotolewa kwa kuzidisha idadi ya miezi ya kuchangia na wastani wa mshahara wa mwaka, ukichukua miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho, kisha kugawa kwa 580. Tuseme wote wawili wamechangia miezi 240, yaani miaka ishirini, kwa mishahara hiyohiyo. Mama wa stoo, mshahara wake wa mwaka uliochangiwa ni Sh9,600,000. Zidisha kwa 240, gawa kwa 580, unapata takriban Sh3,972,000 kwa mwaka, au Sh331,000 kwa mwezi kabla ya kutoa sehemu inayolipwa kwa mkupuo. Mwenzake, aliyechangiwa kwa Sh6,000,000 kwa mwaka, anapata takriban Sh207,000 kwa mwezi. Amepungukiwa Sh124,000 kila mwezi kwa maisha yake yote yaliyobaki, kwa ajili ya zile Sh24,000.

Kuigundua hali hii hakuhitaji mhasibu. Chukua kiasi cha NSSF kwenye slipu yako, kizidishe kwa kumi. Kama mnagawana nusu kwa nusu na jibu haliufikii mshahara ghafi, kuna kitu kimeachwa. Kisha toa mchango huo kwenye mshahara ghafi na uipige kodi upya kwa viwango nilivyotaja. Nimeona ofisi ndogo ambako kodi hupigwa kwanza, pensheni inatolewa baadaye. Mama wetu angekatwa hivyo, PAYE ingeandikwa Sh78,000 naye angeondoka na Sh642,000. Anapoteza Sh18,000 kila mwezi, Sh216,000 kwa mwaka, bila mtu yeyote kukusudia wizi.

Jambo la mwisho, slipu inaonyesha kilichokatwa, haionyeshi kilichofika. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha kuwasilisha michango NSSF. Mama wa stoo alishuka ofisi yao ya mjini Arusha akachukua taarifa yake. Miezi mitatu ya mwaka jana haikuwamo, ingawa slipu zake zote zinaonyesha makato. Wewe nawe usitupe slipu zako. Utakapokwenda kudai, ndizo utakazoulizwa kwanza. Wiki ijayo tutaeleza mkupuo unavyokatwa kutoka kwenye pensheni.