Maji Yamefika Ngapi? Kusoma Silinda Katika Picha

Nilikusudia kuanza na kipimajoto, kisha geji ya presha, na silinda ya kupimia ije mwisho. Lakini silinda ndiyo inayowakosesha wanafunzi wengi, na nimesahihisha makosa yale yale miaka nenda miaka rudi. Basi nitaanza nayo.

Kosa la kwanza ni kudhani kila kijistari ni mililita moja. Chukua silinda ya mililita 250. Katika picha, maji yako kati ya namba 160 na 180. Baina yao kuna vijistari tisa, na vijistari tisa hukata nafasi kumi. Hesabu nafasi, usihesabu mistari. Gawa 20 kwa 10: kila nafasi ni mililita 2. Maji yaliyofika kijistari cha pili juu ya 160 ni mililita 164, wala si 162.

Nasema yaliyofika, lakini sehemu gani yake? Maji hukwea kidogo kwenye ukuta wa kioo, kwa hiyo uso wake hubonyea katikati. Soma pale chini kabisa pa bonde, si kwenye kingo zilizokwea.

Sasa nije kwenye usemi unaoniudhi kuliko yote: kwamba picha haidanganyi. Kamera ni jicho lililosimama mahali fulani, na mahali hapo hubadilisha jibu. Namba zimechapwa kwenye ukuta wa mbele, ilhali bonde la maji liko katikati ya silinda, nyuma ya namba hizo. Tuseme kipenyo cha ndani ni milimita 36, hivyo bonde liko milimita 18 nyuma ya ukuta, na kila mililita moja huchukua takriban milimita moja ya kimo. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka katikati ya silinda na sentimita 5 juu ya usawa wa maji, mstari wa kuonea hushuka milimita 1 kwa kila milimita 6. Kutoka ukutani hadi kwenye bonde hushuka milimita 3. Bonde litaonekana limekaa kwenye 167, na maji ni yale yale 164. Kamera ikiwa chini ya usawa, namba hupungua.

Utajuaje? Tazama ukingo wa maji. Kamera ikiwa sawasawa nao, ukingo wa mbele na wa nyuma hulaliana, ukaona utepe mmoja mwembamba. Ukiona duara lililobanwa kama yai, kamera ilikuwa juu au chini.

Kuikuza picha kwenye simu hakuondoi kosa hilo. Hukuza kosa pamoja na picha. Wala usiandike 164.35: kwa nafasi za mililita 2, jicho hukadiria nusu ya nafasi, yaani mililita 1. Ukiona yai, mwombe mpigaji aiweke silinda mezani, ashushe simu hadi usawa wa maji, apige tena.