Kijiko Kimoja cha Damu kwa Siku

Anayetokwa na damu puani tangu utotoni hulizoea jambo hilo. Leso haikosi mfukoni, shuka jeupe halitandiki, na asubuhi akiinama kunawa uso hujua beseni litageuka rangi. Akienda hospitali kwa uchovu na kizunguzungu, hupimwa, huambiwa damu imepungua, kisha maswali huenda kwenye malaria, minyoo, hedhi na mlo. Pua haitajwi. Mwenyewe haihesabu kuwa ugonjwa, maana hata mama yake alikuwa hivyo hivyo.

Hilo la mama ndilo lilipaswa kumshtua daktari. Upo ugonjwa wa kurithi ambao kwa jina refu ni telanjektasia ya kurithi yenye kuvuja damu, na kwa ufupi HHT. Vitabu vingine huuita Osler-Weber-Rendu, kwa heshima ya madaktari watatu waliouelezea kati ya 1896 na 1907. Hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 5,000, kwa hiyo ni adimu, ingawa si adimu kiasi cha kusahaulika.

Kwa kawaida damu hutoka kwenye ateri, ikapita kapilari nyembamba zinazoipunguzia kasi, ndipo ikaingia kwenye vena. Kwa mwenye HHT, mahali fulani kapilari hizo hazipo. Ateri imeungana na vena moja kwa moja, na damu yenye msukumo mkubwa inaingia kwenye kimshipa chenye ukuta mwembamba kisichoweza kujibana. Puani, hewa kavu na ukoko vikikikwangua, kinapasuka. Ndiyo maana vipimo vya kuganda kwa damu huwa sawa: damu haina kasoro, kasoro ni ya mshipa.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mwanamke wa miaka 40, hemoglobini yake 12, anapoteza kijiko cha chai kimoja kwa siku, yaani mililita 5. Ndani ya kijiko hicho mna takriban miligramu 2 za madini ya chuma. Utumbo wa mtu mzima mwenye afya hufyonza miligramu 1 hadi 2 kwa siku, nazo zina kazi tayari: kufidia seli zinazokufa, na kwake yeye, hedhi. Utumbo hujitahidi kufyonza zaidi akiba inaposhuka, lakini una kikomo. Kama akiba yake ilikuwa miligramu 300, kuvuja huku kusikofidiwa kunaweza kuimaliza kwa takriban miezi mitano. Wala hajawahi kupata ile damu ya kutisha inayomkimbiza mtu hospitali usiku.

Hemoglobini ndiyo hushuka mwisho. Kinachoanza kushuka ni feritini, kipimo cha akiba ya chuma. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, feritini chini ya 15 ni dalili kwamba ghala ni tupu hata kama hemoglobini inaridhisha. Kwetu kuna mtego mmoja: malaria au homa nyingine huipandisha feritini, ndiyo maana aliye na maambukizi huhesabiwa kuwa na upungufu hata ikiwa chini ya 70.

Vidonge vya chuma husaidia, mara moja kwa siku au siku moja baada ya nyingine, bila kuviteremsha kwa chai, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa. Visipotosha, chuma hutiwa kwa dripu. Lakini kujaza huku panavuja hakumalizi kazi. Pua inahitaji unyevu: maji ya chumvi ya dukani ya kupulizia puani, mara mbili kwa siku. Ikiendelea, kuna vidonge vya asidi ya traneksamiki, kisha leza au sindano za kuziba vimshipa. Kuchoma puani kila mara kunaweza kutoboa ukuta wa katikati ya pua. Na damu ikitoka, kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15. Kuinua kichwa nyuma ni kuimeza tu.

Daktari hutafuta mambo manne: pua inayotoka damu yenyewe mara kwa mara; vidoa vyekundu mdomoni, ulimini au vidoleni, ambavyo mara nyingi hufifia vikibanwa; miunganiko kama hiyo katika viungo vya ndani; na mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto mwenye ugonjwa huo. Matatu yakitimia, ni HHT.

Cha kuogopwa zaidi kiko mapafuni. Muunganiko wa huko hauchuji kitu, hivyo donge la damu au vijidudu hupita hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi au jipu. Kila mgonjwa hupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti huku akidungwa maji yenye viputo vidogo. Viputo vikitokeza upande wa kushoto baada ya mapigo kadhaa, mapafu huchunguzwa kwa CT na mshipa huzibwa. Mpaka mapafu yathibitishwe kuwa salama, hunywa antibiotiki kabla ya kung'olewa jino, na dripu yake isiingize hewa. Watoto wake nao wachunguzwe, kwani kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi.