Mili Ngapi, za Kitu Gani?

Ukiingia buchani ukasema, "Nipimie kilo moja na robo," muuzaji hatakuuliza kilo ya nini. Anajua unataka kilogramu. Lakini kilo yenyewe, kwa asili yake, si kipimo, bali ni namba iliyotangulizwa mbele ya kipimo. Wafaransa walipopitisha sheria ya mfumo wa mita mwaka 1795, walichukua maneno ya Kigiriki kwa ajili ya kuzidisha na ya Kilatini kwa ajili ya kugawanya. Kwa hiyo kilo ni elfu, senti ni sehemu moja ya mia, na mili ni sehemu moja ya elfu. Kipimo ndicho kinachofuata: gramu, mita au lita.

Dukani kilo imeweza kusimama peke yake kwa sababu kazi yake huko ni moja tu, uzito. Maziwa hayauzwi kwa kilolita, na dereva anayekuambia umbali wa safari hutamka kilomita lote. Robo, nusu na robo tatu nazo zinaeleweka bila shida: gramu 250, 500 na 750.

Shida huanza kwenye mizani ya kidijitali. Tuseme kioo chake kinaonyesha 1.050. Muuzaji akisoma haraka, "moja na hamsini," mnunuzi anaweza kudhani ni kilo moja na nusu. Nyama ikiwa ni shilingi 12,000 kwa kilo, bei halali ni 12,600, ilhali ya kilo moja na nusu ni 18,000. Tarakimu tatu zinazofuata nukta ni gramu, kwa kuwa gramu ni sehemu moja ya elfu ya kilo. Hivyo 1.050 ni kilo 1 na gramu 50, na kilo moja na nusu ingeonekana 1.500.

Darasani kosa hilohilo huvaa sare ya shule. Mwalimu anasema, "Mita tatu na sentimita tano," na mwanafunzi anaandika mita 3.5. Amesikia tatu na tano, akaziunganisha kwa nukta. Jibu sahihi ni 3.05, kwa sababu senti inadai nafasi mbili baada ya nukta. Ingekuwa mita 3 na milimita 5, mili ingedai nafasi tatu: 3.005. Mtoto aliyeelewa kwamba senti ni mia na mili ni elfu hujua mahali pa kuweka sifuri hata akiwa amesahau jedwali la kubadili vipimo.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye dawa. Mili haina kazi moja kama kilo. Fundi akisema mili kumi na mbili anazungumzia nondo, na maana yake ni milimita. Kwenye chupa ya dawa ya watoto kuna mili mbili kwa pamoja. Chupa moja ya paracetamol ya maji huandikwa 120 mg/5 ml, yaani kila mililita 5 za maji hayo zina miligramu 120 za dawa yenyewe. Mililita zinapima maji unayomimina, miligramu zinapima dawa iliyomo ndani yake.

Sasa mzazi ameambiwa ampe mtoto "mili tano," akafanya hivyo, na homa ikashuka. Safari nyingine duka la dawa linampa chupa iliyoandikwa 250 mg/5 ml. Akimimina tena mili tano, mtoto anameza miligramu 250, zaidi ya maradufu ya dozi ya kwanza, na paracetamol ikizidi kiasi huumiza ini. Mzazi hakukosea kupima. Maji ni yaleyale mililita 5, ila dawa iliyomo imebadilika.

Kijiko cha jikoni nacho hakifai kupimia, maana vijiko havilingani. Tumia kikombe au bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama za mililita. Mhudumu akikwambia "sisi tano," usibabaike: sisi ni sentimita ya ujazo, na sisi moja ni sawasawa na mililita moja.

Kwa hiyo buchani endelea kusema kilo. Kwenye duka la dawa, ukisikia mili, uliza palepale: "Mililita au miligramu?" Kisha soma namba zote mbili kwenye chupa, na uzilinganishe na za chupa iliyotangulia kabla hujammiminia mtoto. Zikitofautiana, mwombe mfamasia akupigie hesabu upya.