Barua ya deni la ada: aya iliyoondolewa na tarehe zilizoandikwa

Agosti 2024, siku chache baada ya Ziwa Tanganyika kufunguliwa kufuatia miezi mitatu ya kusitishwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mzazi mmoja wa hapa Karema alinijia baada ya Swala ya Alasiri akiwa na karatasi mbili zilizoandikwa pande zote. Alikuwa karani wa mfanyabiashara wa dagaa. Ziwa lilipofungwa tajiri wake alimsitishia ajira, na lilipofunguliwa hakumrejesha. Binti yake yuko kidato cha tatu katika shule ya binafsi ya bweni mjini Mpanda, na shule ilikwisha mwandikia kuwa asirudi bweni bila ada.

“Ustadhi, nisomee kama imekaa vizuri,” aliniambia.

Niliisoma. Ilieleza dhiki ya nyumbani kwa kirefu, ikamkumbusha Mkuu wa Shule aya ya 280 ya Suratul Baqara, kuhusu kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki, kisha ikamalizia kwa kuomba avumiliwe “mpaka hali itakapokuwa nzuri”. Hapakuwa na kiasi cha deni wala tarehe hata moja. Mhasibu wa shule akipokea barua kama hiyo hana cha kupeleka kwenye kikao.

Nilimshauri aiondoe aya hiyo. Si kwamba haihusu. Inahusu sana, ila inamsemesha anayedai. Anayedaiwa akiishika mkononi hugeuka kuwa kama anatoa amri. Aya inayomtaka mdaiwa afanye kazi iko mbele kidogo tu, ya 282, inayoagiza deni la muda maalumu liandikwe. Muda maalumu ndio uliokosekana katika karatasi zile mbili.

Tulianza na deni lenyewe. Yeye alikumbuka 460,000, mhasibu kwa simu akasema 510,000. Tulipozipekua stakabadhi, ikaonekana moja ya shilingi 50,000 ya mwezi Februari haikuingizwa katika daftari la shule. Tuliitolea nakala. Laiti barua ingekwenda na hesabu isiyolingana na ya shule, ubishi ungekuwa juu ya hesabu na ombi lingesahaulika.

Kisha tarehe. Alitaka kuandika “kila mwisho wa mwezi”, kwa mazoea ya mshahara. Lakini mshahara haupo tena. Sasa yeye na mkewe wananunua dagaa wabichi mwaloni, wanaanika na kuuza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hupumzika. Fedha basi huonekana giza linapomalizika, kabla ya mwezi mpevu. Tulifungua kalenda tukachagua Ijumaa tatu zinazoangukia hapo. Sehemu kuu ya barua ikawa hivi:

“YAH: MAOMBI YA KULIPA DENI LA ADA KWA AWAMU

Nadaiwa shilingi 460,000 (laki nne na sitini elfu). Ajira yangu ilisitishwa mwezi Mei. Nakala ya barua ya mwajiri naiambatanisha. Leo nimelipa shilingi 100,000. Zilizobaki 360,000 naomba kuzilipa kwa awamu tatu za shilingi 120,000: Septemba 13, Oktoba 11 na Novemba 8, 2024. Nikiona nitapungukiwa, nitatoa taarifa kabla ya tarehe, si baada yake. Naomba mwanangu aendelee na masomo katika kipindi hicho.”

Alitaka pia mhuri wa msikiti. Kamati ilikubali kuthibitisha kwamba ni mkazi anayejulikana, lakini si kumdhamini. Mhuri usioeleza unathibitisha nini huweza kuifanya kamati idaiwe. Barua aliipeleka Mpanda mwenyewe, akarudi na nakala iliyogongwa “imepokelewa” pamoja na tarehe.

Shule ilikubali kwa masharti mawili: pande zote zitie saini, na makubaliano yahusu deni hilo tu, ada ya Januari isiingizwe humo. Sharti la pili lilimuumiza, lakini naona shule ilikuwa na haki. Awamu zinazobeba deni la zamani na jipya kwa pamoja hazimaliziki.

Septemba alilipa kamili. Oktoba mvua ziliwahi, dagaa wakaoza kwenye vichanja, akabaki na 70,000. Alimpigia mhasibu Oktoba 8, siku tatu kabla, akatuma alichonacho na kuomba 50,000 zisogezwe mbele. Mhasibu alikubali bila maneno mengi, akaandika pembeni ya makubaliano na kutia saini.

Novemba 8 alilipa 170,000. Jioni hiyo alinionesha stakabadhi pale barazani. Kwenye nafasi ya salio mhasibu alikuwa amechora mstari.