Kununua Hisa kwa Mkupuo au kwa Mafungu?

Mstaafu aliyepokea kiinua mgongo, au ndugu waliogawana bei ya kiwanja cha marehemu baba yao, hukutana na swali ambalo mshahara wa kila mwezi haulizui: fedha zote ziingizwe sokoni leo, au zikatwe mafungu na kununua hisa kidogo kidogo kwa mwaka mzima? Wengi huchagua mafungu, wakiamini ndiyo njia ya busara. Takwimu haziwaungi mkono sana.

Oktoba 2007 hisa za Marekani zilikuwa zimefika kileleni, na hakuna aliyejua. Tuseme mtu mmoja alitia dola 12,000 zote mwisho wa mwezi huo katika mfuko unaofuata S&P 500, faharisi ya kampuni kubwa za nchi hiyo, ikiwa pointi 1,549. Mwenzake alitia dola 1,000 kila mwisho wa mwezi, kuanzia siku hiyo hadi Septemba 2008. Soko liliporomoka hadi pointi 677 tarehe 9 Machi 2009. Bila kuhesabu gawio wala ada, wa kwanza alibaki na kama dola 5,240, na wa pili kama 6,000.

Mafungu yalisaidia, lakini si kwa kiasi ambacho wengi wangetarajia. Sababu ni kwamba fungu la mwisho liliingia Septemba 2008, na kishindo kikubwa kikaja Oktoba. Kufikia hapo fedha zote za wote wawili zilikuwa ndani ya soko, na kilichompata mmoja kikampata na mwingine. Mafungu humlinda mtu kwa muda ule tu ambao sehemu ya fedha zake ingali nje. Lililobaki halina kinga yoyote.

Sasa tusogeze tarehe. Watu hao hao waanze mwisho wa Machi 2009, faharisi ikiwa pointi 798, wakati magazeti yamejaa habari za benki zilizoanguka. Kufikia mwisho wa Februari 2010, wa mkupuo angekuwa na takriban dola 16,600. Wa mafungu, aliyenunua kila mwezi kwa bei inayozidi kupanda, angekuwa na 13,400 hivi. Tahadhari ilimgharimu zaidi ya dola 3,000.

Je, ni hali ipi hutokea mara nyingi zaidi? Kampuni ya uwekezaji ya Vanguard ilipima jambo hili mwaka 2012 kwa takwimu za miaka mingi za Marekani, Uingereza na Australia. Mkupuo ulishinda karibu mara mbili katika kila tatu. Hakuna muujiza hapo: kwa muda mrefu hisa za nchi hizo zimepanda kuliko zilivyoshuka, na fedha inayosubiri benki hukosa sehemu ya kupanda huko.

Gharama yenyewe inakadirika. Katika mpango wa miezi 12, fungu la kwanza halisubiri na la mwisho husubiri miezi 11, kwa hiyo wastani wa kusubiri ni miezi mitano na nusu. Kama hisa zinatarajiwa kuleta asilimia 10 kwa mwaka na akaunti ya akiba asilimia 4, pengo ni asilimia 6. Karibu nusu yake, yaani kama dola 330 katika 12,000, ndiyo bei ya kusubiri.

Hapo ndipo msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anapaswa kuangalia pengo la kwake, asiazime la New York. Katikati ya 2024 dhamana za muda mfupi za serikali ya Kenya zililipa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Fedha inayosubiri kwa riba kama hiyo haipotezi kitu cha maana, na pengine inazipita hisa zenyewe. Ile “mara mbili katika kila tatu” haihami na mtu kutoka soko moja hadi jingine.

Mara nyingi mafungu huharibikia kwingine kabisa: soko likishuka mwezi wa nne, mtu husitisha ununuzi “hadi hali itulie”, na hivyo hukosa bei nafuu ambazo ndizo zilizomfanya achague mafungu. Dawa yake ni kuagiza benki mapema ikate kiasi kilekile tarehe ileile. Na anayekata kiasi fulani kwenye mshahara kila mwezi hana la kuamua hapa, maana hana fungu linalosubiri. Huwekeza anachokipata, anapokipata.

Anayeogopa hisa kwa muda wote, si kwa mwaka mmoja tu, atasaidika zaidi kwa kuziwekea sehemu ndogo ya fedha zake, tuseme nusu, na nyingine akaziweka kwenye hati fungani. Mafungu yamfae yule anayejijua kwamba akipoteza theluthi ndani ya miezi michache atauza kila kitu kwa hasara. Kwake yeye, dola 330 ni bei ya haki. Kwa wengine wenye miaka kumi au zaidi mbele yao, katika soko ambalo hisa hulipa vizuri kuliko akiba, mkupuo ndio uamuzi wenye hesabu nzuri zaidi.